MRI si kipimo cha hospitali

Swali: "Mimi ni mhasibu hapa Malindi. Wateja wangu wengi wana nyumba za kupangisha, na huwaandikia barua pepe kuhusu mambo ya KRA. Mara nyingi hujibu jambo nisilouliza, au hunipigia simu niwaeleze upya. Je, niandike vifupisho kwa urefu wake kwa Kiswahili, au niviache vilivyo?"

Jibu: Ndugu mhasibu, kukirefusha kifupisho hakutoshi, na wakati mwingine huongeza giza. Tuichukue sentensi ambayo kwenu ni ya kila siku: "Ritani ya MRI ya Mei bado haijafailiwa, kodi ni 7.5% ya grosi, nimejenereti PRN." Mwalimu mstaafu mwenye nyumba mbili akisoma MRI, kitu cha kwanza kumjia ni kile kipimo cha hospitali. Ukirefusha ukaandika "Kodi ya Mapato ya Kila Mwezi ya Upangishaji", umemwondoa hospitalini lakini umemtia katika tatizo kubwa zaidi, nalo ni neno kodi lenyewe.

Kwa mwenye nyumba wa pwani, kodi ni pesa anayoletewa na mpangaji mwisho wa mwezi. Ukimwandikia kwamba kodi ya Mei haijalipwa, atamwendea mpangaji, ambaye huenda alikwisha lipa zamani. Kwa hiyo, katika barua za wateja wa aina hii, ningeliachia neno kodi maana hiyo moja tu, na kile kinachokwenda serikalini ningekiita ushuru. Hata hivyo ushuru peke yake haujatulia, kwa kuwa yupo pia yule wa kaunti anayekusanya ushuru sokoni. Andika "ushuru wa KRA", na utata umekwisha. Utaona kwamba KRA nimeiacha kama ilivyo: hakuna mwenye nyumba Malindi asiyeijua, na kuifasiri kungekuwa kumpoteza mtu aliyekwisha fika.

PRN nayo ibaki, lakini kwa sababu nyingine. Mteja ataiona kwenye karatasi ya malipo uliyomtumia, kwa hiyo ukiificha hataitambua atakapoikuta. Iandike pamoja na kazi yake: "namba ya malipo, ile iliyoandikwa PRN". Ritani, kufaili na kujenereti ni maneno ya ofisini kwenu, na yatupwe bila huruma.

Neno linalodanganya kuliko yote ni grosi, na wengi hulibadilisha kuwa "jumla" wakadhani wamemaliza. Mwenye nyumba ana hesabu yake: alipokea 40,000, akamlipa fundi wa paa 9,000, jumla iliyobaki mkononi ni 31,000. Ushuru huu lakini hutozwa kwenye kodi yote iliyopokewa, bila kuondoa gharama yoyote, na jambo hilo halimo ndani ya neno jumla. Lazima uitaje gharama ambayo yeye angeiondoa. Ukiona mteja anakujibu kwa kukutumia risiti ya fundi, jua kwamba sentensi yako ya grosi haikumfikia.

Asilimia pia huwatatiza baadhi ya wasomaji. Saba na nusu kwa mia ni shilingi 75 katika kila elfu, na hesabu hiyo mtu huifanya kichwani. Barua yenyewe ningeiandika hivi:

"Assalaam aleikum, Mwalimu. Ushuru wa KRA wa nyumba zako kwa mwezi wa Mei bado haujalipwa. Mwezi huo ulipokea kodi ya shilingi 40,000 kutoka kwa wapangaji wako wawili. KRA huchukua shilingi 75 katika kila elfu ya kodi uliyopokea, hata kama sehemu yake ulimlipa fundi, kwa hiyo unadaiwa shilingi 3,000. Tafadhali zilipe kabla ya kumalizika siku ya tarehe 20 Juni, kwa kutumia namba ya malipo, ile iliyoandikwa PRN kwenye karatasi niliyoambatisha."

Sikutaja kwamba utaratibu huu ni wa wenye kodi ya makazi inayozidi 288,000 kwa mwaka na isiyopita milioni 15. Hiyo ni hesabu yako wewe ya kujua mteja yuko kundi gani, naye haimsaidii kulipa. Kama barua itapelekwa pia kwa wakili wake au benki, weka jina rasmi la ushuru huo mara moja, chini kabisa, baada ya maelezo.

Mwezi ambao nyumba zilikaa tupu nao una barua yake, kwani wahasibu huandika "faili nil" na mteja huelewa kwamba hana la kufanya. Mwambie: "Hata kama hukupokea kodi mwezi huu, ni lazima KRA wajulishwe kwamba hukupokea kitu, nijibu 'hakuna' nami nitawajazia."