Nilivyofuta miaka kumi na minne kwenye wasifu wangu

Wiki iliyopita kaka mmoja wa Arusha, fundi wa mitambo mizito, alinitumia ujumbe: "Dada, nina miaka hamsini na moja. Mwaka mzima naomba kazi, sijaitwa hata kwa bahati mbaya. Niangalizie wasifu wangu." Nikaufungua. Kurasa saba. Ukurasa wa kwanza una picha, dini, idadi ya watoto, na shule ya msingi aliyosoma. Nilipofika ukurasa wa nne bado alikuwa anauza vipuri dukani Moshi. Makatapila ambayo ndiyo kazi yake kwa miaka kumi na minane nilikutana nayo ukurasa wa sita, na hapo tayari chai yangu ilikuwa imepoa.

Sikumcheka. Mimi wangu ulikuwa hivyohivyo hadi juzijuzi, na ulinigharimu miaka miwili.

Mimi ni mtu wa ununuzi na ugavi. Nimezaliwa 1971. Kampuni ya ujenzi niliyoitumikia muda mrefu ilipopunguza watu, nilijiambia kazi sitakosa, kwa sababu nondo na saruji nimezinunua hadi wauzaji wananijua kwa sauti. Nikaomba nafasi kumi na moja. Nikaitwa usaili mmoja tu, na huo ndio sijausahau. Kijana mmoja kwenye jopo alipekua karatasi zangu, akasimama kwenye mstari wa chini kabisa, akatabasamu: "Mama, 1990 mimi nilikuwa bado sijazaliwa." Wenzake wakacheka. Nami nikacheka, maana ungefanyaje? Baada ya hapo sikuulizwa swali hata moja la ununuzi. Waliniuliza kama naweza kutumia kompyuta.

Nilirudi nyumbani Mbagala na daladala nikiwa na hasira ya kulia. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza mwajiri kumbagua mtu kwa umri, naijua vizuri, lakini nani angenithibitishia kwamba nimenyimwa kwa umri? Hawakusema. Walicheka tu.

Aliyenifungua macho ni rafiki yangu aliyefanya kazi ofisi ya rasilimali watu. Nilimpelekea wasifu wangu, akauchapa, akachukua kalamu nyekundu, akaniuliza: "Siku ya kwanza kuitwa Afisa Ununuzi ni lini?" Nikasema 2004. Akapiga mstari hapo. "Vya chini ya hapa vyote vinamwambia msomaji wewe ni mzee, na hakuna kinachomwambia unajua kununua."

Chini ya mstari kulikuwa na nini? Karani wa shamba la mkonge Korogwe, 1990 hadi 1993. Mapokezi ya nyumba ya wageni Tanga. Mwaka mmoja wa kufundisha chekechea. Kisha mtunza stoo wa kiwanda cha nguo, 1997 hadi 2003, huku nikisoma jioni.

Nyumba ya wageni na chekechea nilizifuta bila kufikiri. Mkonge uliniuma. Pale shambani majani hufungwa thelathini kwa fungu moja, na mkataji hulipwa kwa hesabu ya mafungu. Wiki ya pili nikagundua mafungu mengine yana majani ishirini na sita, ishirini na saba, yamefungwa kwa ustadi huwezi kujua mpaka ufungue kamba. Tangu hapo kila rundo nilichomoa fungu moja la katikati nikalihesabu jani kwa jani. Hadi leo mzigo wa nondo ukishushwa nafanya vilevile: sihesabu za juu. Sasa mtu ananiambia nifute mahali nilipojifunza kazi! Lakini ukweli ni kwamba kwenye karatasi hayo hayakuonekana. Kilichoonekana ni "Karani, shamba la mkonge, 1990". Basi. Hadithi niliyoipenda ilikuwa kichwani mwangu, msomaji alikuwa anaiona tarehe tu.

Stoo ilitusumbua zaidi, kwa sababu ugavi na stoo ni ndugu. Tulibishana, mwisho tukaiweka mwishoni kabisa chini ya kichwa "Kazi za awali", mstari mmoja, bila miaka: Mtunza stoo, kiwanda cha nguo, Tanga. Hapo ndipo nilipojifunza kipimo ninachokitumia hadi leo kwa kila anayeniuliza. Kazi ya zamani ikiwa haina uhusiano na unachoomba, itoke. Ikiwa na uhusiano, ibaki kwa mstari mmoja usio na mwaka. Kazi ya miaka kumi na tano hadi ishirini ya karibuni ndiyo ipewe maelezo na tarehe kamili.

Sasa niwaambie nilivyoharibu, maana nilipoonja kufuta nilinogewa.

Kati ya 2008 na 2010 niliacha ajira nikawa na duka la jumla Kariakoo. Nikaona halihusiani, nikalifuta. Ikabaki Afisa Ununuzi hadi 2008, halafu Afisa Ununuzi Mwandamizi kuanzia 2010, katikati shimo. Dada mmoja wa wakala wa ajira alinipigia simu akauliza kwa adabu sana kama nilikuwa naumwa. Adabu ile ilinitosha. Punguza kutoka chini kwenda juu, kama unavyokata pindo la gauni. Katikati usitoboe. Duka likarudi, mstari mmoja, na miaka yake.

Kosa la pili: nilitoa tarehe kwenye kazi zote ili nisionekane mzee kabisa. Hilo ni baya kuliko kusema una miaka hamsini na nne. Msomaji akikuta kazi tano hazina mwaka hata mmoja, anajua unaficha, na atadhani unaficha kikubwa zaidi ya umri.

La tatu lilinichekesha baadaye. Wasifu wangu mpya ulianza 2004, lakini ukurasa wangu wa LinkedIn ulikuwa bado uko Korogwe 1990. Waajiri wanafungua vyote viwili. Nikaingia sehemu ya Experience, nikabonyeza alama ya penseli kwenye kila kazi ya zamani nikaifuta, nikahakikisha Notify network imezimwa ili watu wasitangaziwe. Kwenye Education nikabakiza chuo na cheti, miaka nikaitoa, kwa sababu pale miaka ya masomo si lazima.

Na hapa ndipo Watanzania tunapojiuza wenyewe. Unaweza kufuta kazi zote za ujana, halafu ukaandika namba ya NIDA juu ya ukurasa. Tarakimu nane za mwanzo za namba ile ni mwaka, mwezi na siku yako ya kuzaliwa! Namba ya mtihani wa kidato cha nne, na mwaka wake mwishoni, ni hivyohivyo. Barua pepe yangu iliishia na 71, nikafungua nyingine. Sentensi yangu ya kwanza ilisema "uzoefu wa zaidi ya miaka thelathini", nikaandika "zaidi ya miaka kumi na tano katika ununuzi wa vifaa vya ujenzi", ambayo ni kweli pia. Na kwenye vyeti nilikuwa bado naandika NBMM. Vijana wa fani yetu hawajui hiyo ni nini, wao wanaijua PSPTB, Bodi ya Wataalamu wa Ununuzi na Ugavi, iliyochukua nafasi yake kwa sheria ya 2007. Herufi nne tu zilikuwa zinatangaza umri wangu kuliko mvi zangu.

Kurasa tano zikawa mbili. Nafasi iliyopatikana nikaieleza kazi ya karibuni: jinsi tulivyohamia mfumo wa zabuni za Serikali mtandaoni, NeST, mwaka 2023 ulipochukua nafasi ya TANePS, zabuni nilizoziandaa humo, na namna nilivyobadilisha wauzaji wa kokoto baada ya kupima tani mbele ya dereva mara tatu mfululizo. Lile swali la kompyuta halijarudi tena.

Sasa msinielewe vibaya, na hapa nitakuwa mkali kidogo kama shangazi yenu. Kupunguza wasifu si kudanganya, ila mstari ni mwembamba. Fomu ikikuuliza kazi zako zote, jaza zote. Fomu ya P11 ya mashirika ya Umoja wa Mataifa inataka kila ajira uliyowahi kuwa nayo, na unaitia sahihi kwamba ni kweli, basi Korogwe inarudi pale bila aibu. Ajira za Serikali ndiyo kabisa, usijisumbue: cheti cha kuzaliwa kinaambatishwa, na matangazo mengi yanasema wazi mwombaji asizidi miaka arobaini na mitano isipokuwa aliye tayari kwenye utumishi wa umma. Hakuna kalamu nyekundu inayosaidia hapo. Na ukiulizwa ana kwa ana ulianza kazi lini, sema. Watu wanaopunguza halafu wanakana wanatuharibia wote.

Ninachokipata kwa kupunguza ni kimoja: msomaji afike kwenye kazi yangu kabla hajafika kwenye umri wangu. Uso wangu ataniona nao siku ya usaili, hilo silifichi, wala nywele sipaki rangi.

Baada ya marekebisho nilituma maombi manne, nikaitwa mara mbili. Mwezi Machi nikaanza kazi, mkuu wa ununuzi, na chini yangu wapo vijana watano. Jopo lilikuwa la wanawake wawili na mzee mmoja mkimya. Mzee ndiye aliyeniuliza nilijifunzia wapi kukagua mizigo. Nikamsimulia mkonge, mafungu ya majani ishirini na sita, na kamba. Akaacha kuandika, akavua miwani. Kumbe alikulia Muheza, nako ni kwenye mkonge.

Kaka wa Arusha nimemrudishia kurasa zake saba zikiwa mbili. Makatapila sasa yako juu kabisa, watoto na shule ya msingi wametoka. Jana akajibu: "Nimekubali yote dada, ila duka la vipuri siliachi, pale ndipo nilipojua pampu ya haidroliki." Nikamwambia kwa fundi mitambo vipuri si kazi ngeni, kosa langu, aliweke chini kabisa. Mstari mmoja. Mwaka aubakize nyumbani.