Bajeti ya kikundi: mstari mmoja, kitu kimoja

"Jedwali letu lina safu tisa, akina mama wa kamati hawalielewi. Nipunguze nini?"

Habari dada. Kwanza angalia kama kuna mstari wenye vitu viwili. Sisi hapa Moshi tuliandika "vyerehani na vitambaa", mama mmoja akauliza cherehani kimoja ni shilingi ngapi, tukabaki kutazamana. Tukabakiza safu nne:

| Kitu | Ngapi | Bei ya kimoja | Jumla |
|---|---|---|---|
| Cherehani | 2 | 370,000 | 740,000 |
| Kitambaa (mita) | 50 | 4,000 | 200,000 |
| Kusafirisha toka Arusha | 1 | 60,000 | 60,000 |
| Tunaomba | | | 1,000,000 |

Kodi ya chumba, 180,000, tuliiweka chini peke yake: "tunalipa wenyewe". Ukiichanganya, mfadhili atadhani mnaomba 1,180,000.

Safu za asilimia na robo mwaka zitoe. Fomu ya mfadhili ikizidai, ziende karatasi ya pili.

Kisha mwombe mjumbe ambaye kusoma kunamsumbua akusimulie mstari: "Vyerehani viwili, kimoja laki tatu na sabini, vyote laki saba na arobaini." Akikwama, andika upya mstari huo. Kwetu walikwama kwenye "mita", tukaenda na futi ya fundi mkutanini.