Mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati na bima ya mama yake

Mtoto wetu alizaliwa akiwa na majuma 30 na gramu 1,300, na yuko ndani ya kuvezi. Bima ni ya mke wangu. Italipa mpaka lini? (Baba, Katuba, Lubumbashi)

Tazama kwanza kama mkataba unamhesabu mtoto ndani ya kikomo cha uzazi cha mama au unampa kikomo chake mwenyewe, kwa sababu jibu lote limesimama hapo. Tuseme kikomo cha uzazi ni dola 2,500 na upasuaji wa kujifungua umekula 900: zinabaki 1,600, na ikiwa kuvezi, oksijeni, dawa na vipimo vinagharimu dola 80 kwa siku, fedha hizo zinaisha siku ya 20. Mtoto wa majuma 30 huhitaji mara nyingi majuma matano au zaidi, hadi aweze kupumua, kunyonya na kutunza joto lake bila msaada. Akiandikishwa mapema kama mtegemezi, mikataba mingi humfungulia hesabu yake tangu siku ya kuzaliwa. Muda wa kumwandikisha mara nyingi ni siku 30, na ukipita, bima yaweza kumkubali kuanzia siku ya ombi tu, huku deni la nyuma likibaki kwenu.

Nimeambiwa kwamba nina siku 90 za kumwandikisha mtoto komini. Je, ningoje cheti hicho ndipo niende kwenye bima? (Mama, Kampemba)

Usingoje. Siku 90 ni za sheria ya Kongo kuhusu hali ya raia, na hazirefushi muda wa bima hata kidogo. Nimeona wazazi wengi wakizichanganya. Peleka karatasi ya kuzaliwa iliyotolewa na hospitali pamoja na barua ya ombi, dai nakala yenye muhuri na tarehe ya kupokelewa, kisha ukamilishe kwa cheti cha komini. Kama ni mapacha, kila mtoto huombewa peke yake.

Bima imekataa, ikisema ni «ugonjwa wa kuzaliwa nao». (Baba, Ruashi)

Kuzaliwa kabla ya wakati si kasoro ya maumbile. Mapafu yasiyokomaa au ugonjwa wa manjano ni matokeo ya majuma yaliyokosekana, tofauti na tundu la moyo, kwa mfano, ambalo mikataba kadhaa huliondoa kwa jina. Mwombe daktari ripoti inayotaja majuma ya mimba, uzito, tatizo lenyewe na sababu yake, kwani ripoti inayosema tu «mtoto mgonjwa» humpa mkaguzi nafasi ya kutafsiri apendavyo. Jibu la bima lidaiwe kwa maandishi, likitaja kifungu cha mkataba.

Mke wangu ameruhusiwa kutoka, lakini anabaki kunyonyesha. Kitanda chake kinalipwa na nani? (Baba, Kamalondo)

Kwa kawaida ninyi, kwa kuwa yeye si mgonjwa tena, isipokuwa daktari aandike kwamba kuwapo kwake ni sehemu ya matibabu, kama vile kumbeba mtoto kifuani ngozi kwa ngozi. Ikiwa mke wako ni mfanyakazi, mwone pia mwajiri wake: Kanuni ya Kazi inamwajibisha kuhusu matibabu ya mfanyakazi na ya watoto wake, na kwisha kwa kikomo cha bima hakufuti wajibu huo.