Seti ya nne ya mashuka si hasara

Mwenye hoteli akisikia unaomba seti ya nne ya mashuka, anachowaza kwanza ni kwamba unataka kumla. Nimesimamia stoo ya mashuka na taulo hapa Mbeya, na ubishi huo naujua. Mara nyingi anayekosea hesabu ni yeye.

Seti moja ni mashuka yanayotosha kutandika vyumba vyote kwa mara moja. Hoteli ya vyumba 20, mashuka mawili kila kitanda, seti ni mashuka 40. Hesabu iliyozoeleka ni seti tatu: moja kitandani, moja kwa dobi, moja kabatini. Hesabu hiyo inachukulia kwamba shuka lililofuliwa leo kesho litakuwa limekunjwa. Kuanzia Novemba hadi Aprili, Mbeya haitoi ahadi hiyo. Unaanika asubuhi, mchana wingu linashuka, unaanua mashuka mabichi na kesho unaanza upya. Sasa seti mbili ziko kwa dobi na kabati ni tupu. Tena wageni wetu wengi ni wapita njia wa mipaka ya Tunduma na Kasumulu. Wanalala usiku mmoja, alfajiri wameondoka, kwa hiyo karibu kila chumba kilicholaliwa kinatandikwa upya. Mwenye mashine ya kukaushia na umeme wa uhakika anaweza kubaki na tatu. Anayetegemea kamba anahitaji nne.

Hofu ya mwenye hoteli ni kwamba mashuka mengi yatachakaa mengi. Shuka la hoteli huchakazwa zaidi na kufuliwa. Tuseme kwa wastani vyumba 12 hulaliwa kila usiku. Hayo ni mashuka 24 ya kufua kila siku, karibu 8,760 kwa mwaka. Kama shuka lenu huvumilia kufuliwa mara 150 hivi kabla ya kuwa jepesi katikati, kila mwaka mtayachakaza kama 58. Uwe na 120 au 160 stoo, ni 58 hayo hayo, kwa kuwa usiku uliouzwa ni ule ule. Seti ya nne unailipia mara moja tu, wakati wa kuinunua. Ukiikosa ndipo kuchakaa kunapoongezeka: shuka bichi linapigwa pasi kali, na doa linamiminiwa jiki bila kipimo kwa sababu mgeni yuko mapokezi.

Idadi hiyo ya 150 msiichukue kama ilivyo. Andika mwezi na mwaka kwa wino usiofutika kwenye pindo la kila shuka siku linapoanza kazi. Likitolewa, utajua limeishi muda gani kwenu, kwa maji yenu na dobi wenu.

Kuchakaa ni upande mmoja. Kupotea kunataka hesabu yake. Kila miezi mitatu chagua asubuhi moja, simamisha kila kitu, hesabu vitandani, kwenye mifuko ya nguo chafu, kambani, stoo na kwa dobi wa nje kama mnaye. Tuseme mlianza na 160, mkanunua 20, mkatoa 14 yaliyochanika. Yanatakiwa 166. Mkihesabu mkapata 157, tisa hayajulikani yalipo.

Usikimbilie kumshuku mgeni. Mgeni huondoka na taulo. Shuka ni kubwa, na wachache wanalitaka. Mara nyingi shuka lililopotea linadeki korido. Mhudumu kaona limechanika, kalikata, hakuna aliyeandika. Au limechanganyika na ya hoteli nyingine kwa dobi. Sisi tuliweka utaratibu kwamba anayekuja na mashuka sita machafu anapewa sita safi, na mwenye mkasi ni mtu wa stoo peke yake, akikata anaandika. Taulo nazo ziliacha kuharibika ovyo tulipoweka kitambaa cheusi cha viatu kila chumba, maana tope jekundu la masika haliachii pamba nyeupe.

Tisa kwa miezi mitatu ni 36 kwa mwaka. Ukijumlisha na 58 yanayochakaa, bajeti ni mashuka 94. Kwa mfano wa bei ya shilingi 25,000, hiyo ni 2,350,000. Gawa kwa usiku 4,380 unaouzwa, unapata kama shilingi 540 za kutenga kila chumba kinapolaliwa. Ukipunguza upotevu kwa nusu, unaokoa 450,000 kwa mwaka. Mwonyeshe mwenye hoteli tarakimu hiyo kabla hujamtajia seti ya nne.

Kununua, sipendi mashuka 94 kwa mkupuo, kwa sababu yatazeeka pamoja. Nanunua kila robo mwaka, kitambaa kile kile ili weupe usitofautiane, na fungu moja lazima liwe limeingia Julai, kabla ya wageni wa maonyesho ya Nanenane pale viwanja vya John Mwakangale. La Oktoba nalifua mara moja, nalipiga pasi na kuliweka kabatini kabla mvua haijaanza.