Wastani wa 4.0 hautoshi kumpa mtu umeneja

Swali: Tuna msimamizi wa zamu hodari sana kwenye ghala letu la Vingunguti. Tumemkusanyia maoni, alama 1 hadi 5: bosi wake kampa 4.7, wasimamizi wenzake wanne 3.1, na sita walio chini yake 4.2. Wastani wa alama hizo tatu ni 4.0. Tumpe umeneja wa ghala?

Jibu: Bado. Huo wastani uwekeni kando, maana umefunika jambo muhimu kuliko yote mliyokusanya, nalo ni ile 3.1. Bosi humpima kwa matokeo: mzigo umetoka kwa wakati, hesabu ya stoo imekubali. Wenzake ndio wanaoona anavyogawana nao forklifti na vibarua siku malori yanapokuja kwa mkupuo. Meneja hushinda akipatana na mauzo, manunuzi na usafirishaji, watu asiowaamuru. Kwa kazi hiyo mpya, alama za wenzake zina uzito kuliko za bosi.

Kisha rudini kwenye swali moja moja. Tuseme kauli ilikuwa "Hutuachia maamuzi ya kazi yetu", na wale sita wakaandika 2, 2, 3, 2, 4, 2. Hiyo ni 2.5, hata kama kwa jumla wanampenda. Msimamizi wa namna hii mara nyingi anasifika kwa sababu kila kitu anakifanya mwenyewe. Akiwa na zamu moja ataweza. Akiwa na zamu tatu, kazi itasimama ikimsubiri yeye, na mtakuwa mmepoteza msimamizi mzuri bila kupata meneja.

Angalieni pia dodoso lenyewe. Kama liliuliza kuhusu kuwahi kazini na kufikia malengo, limepima usimamizi, halikupima umeneja. Ongezeni maswali ya kukasimu kazi, kulea wasaidizi na kutatua mvutano kati ya idara, na kila swali liwe na nafasi ya kujibu "sijaona". Bila hiyo watu hubahatisha 3. Ili waliojibu wasitambulike, kundi lolote lenye watu chini ya watatu msilitolee alama peke yake, isipokuwa bosi, ambaye anajulikana tangu mwanzo. Na mkumbuke, anayejua kuwa kesho huyu ndiye bosi wake huongeza alama, kwa hiyo 4.2 ya walio chini isomeni kwa tahadhari. Maoni ya maandishi yenye tukio halisi yaaminini zaidi kuliko namba.

Maoni haya yanaonyesha anavyofanya sasa tu. Kwa hiyo mpeni barua ya kukaimu miezi mitatu, yenye tarehe ya mwisho na posho yake, na zamu yake ya zamani ishikwe na mtu mwingine kabisa. Mpeni na jukumu moja linalomlazimu kukubaliana na idara ya usafirishaji. Mwishoni waulizeni wale wale maswali ya kukasimu na kushirikiana. Akiwa bado anashuka kupanga vibarua wa zamu aliyoiacha, jibu mnalo.