Kina mama wote wamejibu "nakubali": maswali yenu kuhusu madodoso

Mwalimu, shikamoo. Nimepeleka dodoso la vyandarua Micheweni, lina kauli nane za ngazi tano, kutoka 1 "sikubali kabisa" hadi 5 "nakubali kabisa". Karibu kila mama kanijibu "nakubali" mwanzo mpaka mwisho. Niamini? (Mwanafunzi, Chake Chake)

Marahaba mwanangu. Bado usiamini. Kauli zako zote nane zinasifu chandarua, kwa hiyo "nakubali" moja inabeba mambo matatu: ukweli, mazoea ya kumkubalia mgeni kila asemalo, na kutaka kuonekana mzazi mwema. Huwezi kuyatenganisha.

Mazoea ya kukubali hufichuliwa na kauli zinazopingana. Weka "Watoto wangu hulala ndani ya chandarua kila usiku", kisha mbele kidogo, "Kukiwa na joto, watoto wangu hulala nje ya chandarua." Aliyekubali zote mbili anaitikia tu. Kauli ya pili igeuze alama kabla ya kujumlisha: toa alama yake kwenye 6, ili 5 iwe 1 na 4 iwe 2. Ukisahau hapo, jumla yako yote imeharibika.

Kwa hiyo nitie "si" kwenye nusu ya kauli? (Huyo huyo)

Hapana. Mtu akisomewa "Sioni haja ya chandarua", kusema "sikubali" ni kukanusha juu ya kukanusha, na wengi hupotea hapo. Ukiona anayejibu kwa makini kwingine kote kajipinga kwenye kauli hiyo tu, kosa ni la kauli. Tafuta maana iliyo kinyume kwa sentensi ya kawaida: "Chandarua kinanisumbua."

Mimi ni mdodosaji Wete. Kauli tumezigeuza, lakini watu bado wanajibu yale yanayopendeza. Tufanyeje?

Kugeuza kauli hakumgusi mtu huyu. Anayetaka kuonekana mwema atakubali kauli nzuri na kuikataa mbaya, bila kujipinga hata mara moja. Hapa mimi ningeiacha kabisa ngazi ya kukubali na kukataa, niulize kitendo chenyewe kwa muda unaokumbukika: "Joto likizidi, baadhi ya watu huacha kutumia chandarua. Katika siku saba zilizopita, mtoto wako mdogo alilala ndani ya chandarua mara ngapi?" Majibu yawe: hata siku moja, siku chache, karibu nusu, siku nyingi, kila siku. Hapo hakuna cha kuitikia, na sentensi ya kwanza inampa nafasi ya kusema kweli. Lakini usiandike "watu wote huacha", maana utakuwa umemsukuma upande wa pili.

Halafu, nani amekaa hapo mnapouliza? Sheha akishawatambulisha, muombeni kwa heshima awapishe, na mkwe pia. Mama hatasema mbele yao kwamba chandarua kimekunjwa kabatini. Anayejua kusoma mpeni karatasi ajaze mwenyewe. Mwisho, ombeni kuona chandarua kilipotundikwa. Wakiwepo wengi waliosema "kila siku" na hakuna kilichotundikwa, mnajua swali lenu bado linavuja.