Unaogopa kumuudhi afisa mikopo, na mumeo je?

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi mkoani Morogoro, mshahara wangu wa msingi ni milioni moja. Kuna kaka mmoja afisa mikopo wa benki, mstaarabu sana, kila akija shuleni ananitafuta, na nilipofiwa na mama alileta rambirambi. Sasa ananiambia mfumo umeshaniidhinishia milioni 12 kwa miezi 72, riba asilimia 17, na makato yangu yataongezeka elfu 69 tu. Nina mkopo hapo hapo kwao, nakatwa 198,000, umebaki miezi 24 na salio ni kama milioni 4. Mume wangu hataki hata kusikia, yeye hapendi maendeleo, na analalamika kaka huyo akipiga simu saa tatu usiku. Mimi pia siutaki sana huo mkopo, ila naona aibu kumkatalia mtu aliyenifaa kwenye msiba. Nimemwambia nitafikiria, naye ameniomba cheki namba na nywila ya ESS, ule mfumo wa watumishi wa mtandaoni, anisaidie kujaza maombi. Nimkatalieje bila kumuudhi?*

Marahaba mwanangu. Pole kwa kufiwa na mama.

Barua yako nimeisoma yote nikitafuta mahali uliposema hizo milioni 12 ni za nini. Hamna. Hakuna kiwanja, hakuna ada, hakuna bati. Mtu asiyejua hela anaitakia nini kisha anaandika kwamba haitaki "sana", huyo hajakataa bado. Anatafuta mtu wa kumsukuma upande mmoja ili baadaye awe na wa kumlaumu. Haya, nakusukuma: usichukue. Ukilaumu, nilaumu mimi, mumeo mwache.

Na hilo la mume asiyependa maendeleo ningelifuta kwenye barua kama ningekuwa wewe. Mwanamume anayesikia simu ya benki saa tatu usiku na kuuliza kuna nini ana akili timamu. Tawi linafunga milango jioni. Huenda kijana anahangaikia malengo yake ya mwezi na hana baya lolote, lakini hakuna jambo la mkopo lisiloweza kungoja kukuche, na wewe ulitakiwa kumwambia hivyo simu ilipoita mara ya kwanza. Nina hakika pia kwamba ulishamwambia "mimi ningechukua, tatizo ni mzee". Kama ulisema hivyo, umemchongea mumeo kwa mtu wa nje ili wewe ubaki mwema.

Sasa tuje kwenye hiyo elfu 69, maana hapo ndipo ulipofungwa macho.

Milioni 12 hutazishika. Benki itakata kwanza salio lako la zamani, milioni 4. Zinabaki 8. Kisha kuna ada ya kushughulikia mkopo na bima, ambazo hutofautiana benki na benki, na mara nyingi hukatwa juu kwa juu kabla hela haijaingia. Tukadirie laki tatu. Unaondoka na 7,700,000 mkononi. Hiyo ndiyo hela ya kuijadili, milioni 12 ni jina tu.

Kwa riba ya asilimia 17 inayokokotolewa kwenye salio linalopungua, makato ya miezi 72 ni kama 267,000 kila mwezi. Ukitoa 198,000 unazokatwa leo, kweli ongezeko ni 69,000. Kijana hakudanganya. Ila hesabu yake inaishia mwezi wa 24. Mwezi huo, kama ungekaa kimya, deni lako la zamani lingekwisha na mshahara ungerudi mzima. Ukichukua mkopo mpya, kuanzia hapo hulipi tena ongezeko la 69,000, unalipa 267,000 zote, tena kwa miezi 48 ambayo ungekuwa huru. Jumlisha: 69,000 kwa miezi 24 ni 1,656,000, na 267,000 kwa miezi 48 ni 12,816,000. Zote pamoja ni 14,472,000. Unatoa zaidi ya milioni 14 kwa kushika milioni 7 na laki saba. Wahenga waliposema kukopa harusi, kulipa matanga, walikuwa hawajaiona hata miezi 72.

Igeuze sasa. Tuseme hiyo 69,000 unaimudu, maana ulikuwa tayari ikatwe. Iweke mwenyewe kwa miezi 24, kwenye kikoba cha shuleni kwenu au SACCOS ya walimu. Deni la zamani likiisha, weka 267,000 kila mwezi kwa miezi mingine 24. Unakuwa na 8,064,000, bila riba ya kuwekea hata senti. Zaidi ya zile ambazo benki ingekupa, na zote zako, wakati mwenzako aliyechukua mkopo bado ana miaka miwili ya kukatwa. Najua utasema miaka minne ni mingi. Lakini miezi 72 ya benki ni miaka sita, na hiyo hukuiona mingi.

Neno "umeidhinishiwa" nalo lisikupandishe kichwa. Mfumo haujakupenda. Umeangalia mshahara wa mtumishi, makato yaliyopo, na kanuni kwamba mtumishi lazima abakiwe na angalau theluthi moja ya mshahara wa msingi. Kwako theluthi ni kama 333,000. Hata ukitoa mchango wa pensheni wa PSSSF, bima ya afya, kodi na mkopo mpya, bado unabaki juu ya hapo, ndiyo maana jina lako likatokea kwenye orodha ya kijana. Mfumo haujui watoto wako wanasoma wapi, haujui nani anategemea hela ya dawa kwako, wala michango ya harusi inayokungoja. Ulichoidhinishiwa ni kiwango cha juu unachoweza kukamuliwa kabla kanuni haijapiga kelele.

Na ukikataa, huharibikiwi. Nasikia walimu wakinong'ona kwamba ukikataa ofa unaandikwa vibaya na siku ya shida hukopeshwi. Kinachoandikwa vibaya kwenye taarifa za wakopaji ni kuchelewesha marejesho. Kumwambia mtu "asante, sihitaji" si deni, hakuna tarehe uliyoikosa.

Tuje kwa kijana. Unaogopa hapana yako itamuumiza. Mwanangu, hapana anazipokea siku nzima, kazi yake ndiyo hiyo. Kinachomtesa ni "nitafikiria" yako. Anakuandika kwenye orodha ya walio njiani, meneja anamuuliza kila Jumatatu yule mwalimu vipi, na mwezi unaisha hana kitu. Kila ukisema nitafikiria unampa sababu ya kukupigia tena, halafu nyumbani unalalamika anapiga. Kama kweli unamtakia mema, mkatalie mapema mwezi haujafika katikati, akamtafute anayehitaji.

Na rambirambi yake irudishe kwa rambirambi. Akifiwa, nenda. Akioa, changia. Msiba wa mama yako usiugeuze dhamana ya mkopo. Kama alileta ubani kwa roho safi, hatashangaa ukikataa biashara. Kama aliuleta kama chambo, basi hata hiyo aibu unayoiona si ya kwako.

Namna ya kumkatalia ni fupi, na siri yake ni kutokutoa sababu. Wale wamefundishwa kujibu sababu. Ukisema riba ni kubwa, atakwambia subiri nikuombee punguzo. Ukisema mshahara hautoshi, atasogeza hadi miezi 96 ili makato yashuke, na jumla ya riba ipande. Ukisema una mkopo mahali pengine, atasema tutaununua. Ukisema mume hataki, ataomba namba ya mume. Kila sababu ni mlango unaomwachia wazi. Mtumie ujumbe asubuhi, saa za kazi:

"Habari za kazi, kaka. Kuhusu ule mkopo, nimeamua sitauchukua. Naomba uniondoe kwenye orodha ya ofa, nikihitaji nitakuja tawini mwenyewe. Mambo ya kibenki naomba tuongee mchana tu. Asante kwa muda wako, nisalimie nyumbani."

Akijibu "kwani shida ni nini dada", mwandikie "hakuna shida, nimeamua tu". Akirudia, rudia hivyo hivyo, maneno yale yale. Usiongeze chumvi. Akiendelea hadi ikawa usumbufu, nenda tawini, omba kwa maandishi wasikutumie tena ofa za mikopo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakupa haki ya kuzuia taarifa zako zisitumike kukutangazia biashara, na meneja wa tawi anaijua.

Nywila ya ESS hapo ndipo nimekasirika. Cheki namba peke yake wengi wanayo, iko kwenye kila karatasi ya halmashauri. Lakini nywila ni sahihi yako. Maombi ya mkopo wa mtumishi huanzishwa na mtumishi mwenyewe ndani ya mfumo, sasa mwenye nywila yako anaweza kuwa wewe. Hakuna ustaarabu unaomruhusu afisa yeyote kuiomba, hata angekuja na sanda ya mama yako mkononi. Hujasema kama umempa au la, na kwa jinsi ulivyokwepa nadhani umempa. Ibadilishe leo, kabla hujamaliza kusoma gazeti hili.

Halafu niseme na wengine, maana barua za namna hii zinanijia nyingi. Ndoa za siku hizi mume ana salari slipu yake mfukoni na mke ana yake kwenye simu yenye alama ya kidole. Mnalala kitanda kimoja, madeni mnalala nayo kila mtu upande wake. Mume anajua mke ana mkopo siku jokofu linaponunuliwa na mchele unakosekana. Halafu mnakuja kwa Shangazi mnasema upendo umepungua. Wa kwako, mwanangu, anauliza. Wako wanaume wangekuhimiza uchukue, wakusaidie kula hizo hela, kisha wakuachie miezi 72 peke yako.

Kwa hiyo mwoneshe huo ujumbe kabla hujautuma, na hesabu ya milioni 14 mwoneshe pia. Utafute na samahani ya lile neno la maendeleo. Mwisho wa mwezi huu na unaofuata fungua salari slipu yako, angalia mstari wa makato ya benki. Ikiwa bado ni 198,000, salama. Ukikuta 267,000, usimpigie kijana. Nenda kwa afisa utumishi wa halmashauri siku hiyo hiyo, na uwe na nakala ya ujumbe wako wa kukataa.